Nikikatizwa kwenye kikao napoteza mwelekeo kabisa. Mnarudije kwenye hoja bila kuonekana mna kiburi?

#1 Binti wa Tabata (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Niko idara ya fedha kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar. Kila Jumatatu saa 3 asubuhi kuna kikao cha wakuu wa idara, na tangu bosi wangu aende likizo ya uzazi mimi ndiye ninayewasilisha upande wetu. Napewa dakika 10.

Jumatatu ya juzi nilikuwa na mambo 3. La kwanza madeni ya wateja, ambayo yamefika milioni 41. La pili gharama za mafuta ya magari. La tatu ndilo lililokuwa linaniuma: wauzaji wawili walikuwa hawajatupa risiti za EFD, na ritani ya VAT inatakiwa tarehe 20. Bila risiti zile hatuwezi kudai kodi tuliyolipa kwenye manunuzi yao. Nilitaka mtu wa manunuzi awapigie simu siku ile ile.

Sikufika hata nusu. Nilisema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Madeni yamefika milioni 41, na kati ya hizo 18 ni za mteja mmoja, sijui kama wote mmeiona hiyo..." Mkuu wa mauzo akadakia: "Huyo ni mteja wangu, namfahamu miaka 6, atalipa." Akaanza kusimulia mteja alivyokwama na mzigo bandarini. Wa stoo naye akaingia, akasema mteja huyo huyo alirudisha katoni zimelowa. Basi kikao kikawa cha mteja yule. Mimi nimesimama na karatasi mkononi, uso unawaka, vidole vinatetemeka mpaka karatasi inatoa sauti. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenyekiti, akatazama saa akasema "Ahsante fedha, stoo karibu." Nikakaa.

Risiti moja imekuja tarehe 23, ritani imeshaenda.

Wote pale wananizidi umri. Nawezaje kubaki mtulivu wakati ule ule, na nirudije kwenye hoja yangu bila kuambiwa binti huyu hana adabu?

#2 Mzee wa Gerezani

Marahaba mwanangu, pole sana. Tatizo la vikao vya maofisini ni kwamba havina kanuni. Angalia Bungeni, mtu akishapewa nafasi hakuna wa kumkatiza mpaka kengele ilie. Na wewe sema tu: "Mwenyekiti, naomba unilindie muda wangu." Neno hilo linatosha.

#3 Bando la Wiki

Dada, hili la kukatika mbona dogo. Usitumie waifai ya ofisini saa 3 asubuhi, kila mtu yupo mtandaoni. Weka bando lako kwenye simu, zima kamera, sauti haitakatika tena. Mimi nafanya vikao vya Zoom kila siku kutoka Mbezi na sijawahi kutolewa.

#4 Binti wa Tabata

@Bando la Wiki ahsante kaka, lakini tunakaa meza moja, uso kwa uso. Ninaokatizwa nao ni watu, siyo mtandao.

@Mzee wa Gerezani shukrani baba. Ila nikimwambia mkurugenzi "nilindie muda wangu" mbele ya watu 9, si itaonekana namfundisha kazi?

#5 Katibu Mstaafu

Nimeandika mihtasari ya vikao miaka 31, kuanzia ofisi ya wilaya hadi bodi. Naomba nichangie kidogo.

Kwanza nimsahihishe ndugu yangu wa #2 kwa heshima. Bungeni watu wanakatizwa sana. Mbunge anaongea, mwenzake anasimama, "Taarifa!", au "Kuhusu utaratibu!" Aliyekuwa anaongea anakaa, taarifa inatolewa, kisha Spika anamgeukia: unaipokea taarifa? Anajibu anaipokea au haipokei, halafu anaendelea pale alipoishia. Kwa hiyo kukatizwa kupo, ila kuna njia ya kurudi ambayo kila mmoja anaijua. Hiyo njia ya kurudi ndiyo binti hakuwa nayo.

Sasa nije kwako mwanangu. Kosa lako halikutokea pale alipodakia mkuu wa mauzo. Lilitokea dakika moja kabla. Ulianza na milioni 41 bila kuwaambia una mambo mangapi. Mle ndani wewe peke yako ulijua kwamba kuna la tatu. Mwenyekiti aliposema "ahsante fedha" hakukunyima nafasi, aliamini kwa dhati kwamba umemaliza.

Ungeanza hivi: "Mwenyekiti, fedha tuna mambo matatu. La tatu linahitaji uamuzi leo." Katibu akisikia hivyo anaandika 1, 2, 3 pembeni mwa daftari kabla hujaanza. Ukikatizwa kwenye la kwanza, zile namba mbili zinabaki tupu zinamtazama. Mimi mara nyingi nilimsogelea mwenyekiti nikamwambia kwa sauti ndogo, "Bado fedha wana la tatu." Kwa hiyo hata wewe ukishindwa kusema, yupo atakayekukumbuka.

Ukishakatizwa, sentensi ya kurudi ina vipande vitatu, na mpangilio wake usiuvuruge. Unampokea aliyesema, unaliweka jambo lake mahali, ndipo unarudi. Kwa kesi yako ingekuwa: "Nimekusikia kaka, mteja unamfahamu na unaona atalipa. Naomba hilo tukae mimi na wewe baada ya kikao, nikuoneshe tarehe za ankara. Mwenyekiti, kwa ruhusa yako naingia la pili."

Angalia kipande cha kwanza. Maneno yake unayarudia kama alivyoyasema, kwa ufupi. Mtu anayedakia huendelea kurudia mpaka asikie jambo lake limetoka kinywani mwako. Ukiruka kipande hicho ukaenda moja kwa moja kwenye "naomba nimalizie", atadakia tena. Na angalia kipande cha tatu, hakielekezwi kwake, kinaelekezwa kwa mwenyekiti. Wewe na mkuu wa mauzo mkitazamana machoni hapo, tayari ni mabishano ya watu wawili.

#6 Mzee wa Gerezani

Katibu nimekubali, hilo la taarifa nililisahau. Lakini bado nasema kengele ni dawa.

#7 Nahau

Nafundisha isimu, na ninachokiona kwenye #1 kipo mdomoni mwa binti mwenyewe. Siyo kwamba namlaumu, nataka aone mlango ulifunguliwa wapi.

Mwaka 1974 watafiti watatu, Sacks, Schegloff na Jefferson, waliandika makala kuhusu namna watu wanavyopokezana zamu katika mazungumzo. Walionesha kwamba wasikilizaji hawasubiri mtu anyamaze ndipo waanze kufikiri. Wanatabiri sentensi itaishia wapi, na wanaingia hapo hapo kwenye kiungo. Utafiti mwingine wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha 10 ulikuta pengo kati ya swali na jibu kwa wastani ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Kiswahili hakikuwemo, lakini ukikaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa utasikia kasi hiyo hiyo.

Sasa soma tena sentensi yake: "...18 ni za mteja mmoja, sijui kama wote mmeiona hiyo." Sentensi imeisha, sauti bila shaka imeshuka, na juu yake imewekwa "sijui kama wote mmeiona", ambayo kwa sikio la Mswahili ni swali. Ameuliza, akajibiwa! Hivi virai tunavyo vingi: "sijui tumeelewana", "au siyo", "kitu kama hicho", "ni hayo tu kwa ufupi". Tunavitumia kwa adabu, ili tusionekane tunawafundisha watu. Lakini kila kimoja kinamwambia msikilizaji, karibu.

Dawa yake ni ndogo. Pumzi usiivute mwisho wa sentensi, ivute katikati, baada ya "na", "kwa sababu" au "jambo la pili ni". Ukisema "madeni yamefika milioni 41 na", ukavuta pumzi hapo, hakuna anayeingia, kwa sababu kila mtu anasikia kuna kitu kinakuja.

#8 Sauti ya Asubuhi

Nimetangaza redioni miaka 12. Namuunga mkono Nahau kwenye virai, ila hilo la pumzi katikati alifanyie mazoezi kwanza. Asiyezoea akikata baada ya "na" anaonekana amesahau, na watu wenye huruma watamdakia ili wamsaidie.

Kuhusu kutetemeka, dada, wengi wakikatizwa wanazuia pumzi bila kujua. Kifua kinajaa, mabega yanapanda, na ukifungua mdomo sauti inatoka juu na nyembamba. Sisi tunafundishwa kufanya kinyume: mwenzako anapodakia, wewe toa pumzi yote polepole kupitia puani, mdomo umefunga, mpaka tumbo liingie ndani. Pumzi mpya itaingia yenyewe. Unayo nafasi ya kutosha, yeye si anaongea? Halafu neno lako la kwanza lianze chini kidogo kuliko sauti yako ya kawaida. Usianze kwa kupandisha sauti kushindana naye, maana ukianza juu huna pa kwenda.

Karatasi iweke mezani. Karatasi mkononi inaonesha mtetemo ambao bila hiyo hakuna angeuona.

#9 Dada wa Upanga

Naheshimu wataalamu wote, lakini nimekaa vikao vya benki miaka 9 na nasema wazi: kaka akisema "sijui kama wote mmeiona hiyo" wanasubiri amalize. Dada akisema, wanadakia. Mlango haukufunguliwa na kirai.

Mwaka 2017 watafiti wawili, Jacobi na Schweers, walitoa utafiti wao kuhusu Mahakama ya Juu ya Marekani. Pale kila neno huandikwa, kwa hiyo hakuna ubishi nani alimkatiza nani. Walikuta majaji wanawake wanakatizwa zaidi, na wengine waliowakatiza ni mawakili, ambao kwa kanuni hawaruhusiwi kumkatiza jaji! Sasa kama jaji wa mahakama ya juu anakatizwa na wakili, tumwambie binti wa Tabata tatizo ni pumzi yake?

Kuna jambo jingine humo. Majaji wale wanawake kadiri walivyokaa ndivyo walivyopunguza maneno ya mwanzo kama "samahani" na "naomba kuuliza", wakawa wanaanza na swali lenyewe. Yale maneno ya adabu ndiyo yaliyokuwa yanampa mwingine muda wa kuingia. Kwa hiyo ushauri wangu: ondoa samahani.

#10 Nahau

@Dada wa Upanga sikatai hata kidogo. Na utafiti wako unakutana na hoja yangu mlangoni, maana maneno ya adabu mwanzoni na virai mwishoni vyote ni viungo. Nani anaruhusiwa kupita kwenye kiungo, hapo ndipo jinsia na cheo vinapoingia. Lakini kuondoa "samahani" Washington na kuiondoa Dar ni vitu viwili. Hapa binti wa miaka 20 na kitu akianza na hoja kavu mbele ya watu wa rika la baba yake, watasikia ukavu, hoja hawataisikia.

#11 Dada wa Upanga

Hapo ndipo tunapokwama miaka yote. Adabu inadaiwa upande mmoja tu.

#12 Mtu wa Mauzo

Wakuu, nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi ni mkuu wa mauzo, siyo huyo wa kwenye uzi, lakini ningedakia vile vile, na nataka dada ajue kwa nini.

Ukisoma "18 ni za mteja mmoja" mbele ya mkurugenzi, kila kichwa kinageuka kunitazama mimi. Sikuwa nimejiandaa, sijui utasema nini sentensi inayofuata. Labda utasema nimempa mteja mkopo bila kibali. Hapo sisikilizi tena, najitetea. Sikukatizi kwa sababu wewe ni mwanamke wala kwa sababu sauti imeshuka. Nakukatiza kwa sababu naungua.

Mhasibu wetu wa zamani alikuwa ananipigia Ijumaa jioni: "Kaka, Jumatatu nitasoma deni la fulani. Unataka niseme nini upande wako?" Nampa sentensi moja, anaisoma yeye mwenyewe kwenye kikao: "Mauzo wanasema atalipa mwisho wa mwezi." Sikuwahi kumdakia hata mara moja. Nimdakie niseme nini, na ameshanisemea?

#13 Mama Hazina

Hilo la Ijumaa ni kweli tupu. Lakini mngojee huyo anayedakia hata ukimpigia simu.

Mimi ni mhazini wa kikoba chetu Mbagala. Tuna mama mmoja, mtu mzima sana, tunamheshimu wote. Nikianza tu kusoma marejesho, anaingia. Anakumbuka jambo la mwaka juzi, anauliza fulani kajifungua, anasifu vitumbua. Hakuna wa kumwambia "bibi subiri". Mwenyekiti mwenyewe ni mkwewe.

Nilichojifunza ni hiki. Daftari liko mezani, kidole changu kiko kwenye mstari niliofikia. Akiingia sikiondoi kidole, na daftari silifungi. Namtazama, natabasamu, naitikia "eeh bibi". Akimaliza sisemi "kama nilivyokuwa nasema". Nasoma jina lililo chini ya kidole changu, kwa sauti ile ile niliyoachia. Kikao kinarudi chenyewe. Zamani nilikuwa nafunga daftari, nikilifungua upya wanadhani tumeanza ajenda nyingine, na mimi mwenyewe natafuta mstari nusu dakika. Nusu dakika hiyo bibi anayo hadithi ya pili.

#14 Bando la Wiki

Mama Hazina, mimi nikinyamaza hivyo kwenye Zoom wataniambia "hatukusikii, umeganda". 

Ila nimeelewa swali sasa, samahani dada. Kwetu kudakiana ni kwingi kwa sababu sauti inachelewa. Unadhani mtu amenyamaza kumbe neno lake bado liko njiani, mnaanza wote wawili, kisha wote mnasema "endelea, endelea wewe". Mimi naandika kwenye gumzo la pembeni: "Bado nina jambo la 3, risiti." Mwendesha kikao analiona hata kama sauti yangu imezidiwa.

#15 Katibu Mstaafu

Kidole cha Mama Hazina nakiunga mkono kwa mikono miwili. Asiye na daftari aandike neno moja pale alipokatiziwa. Neno moja tu, siyo sentensi. Binti angeandika "18". Ukitulia kwa kuandika, mkono unapata kazi na macho yanapata pa kukaa, na neno hilo ndilo utakaloanza nalo: "Kwenye hizo 18..."

Mtu wa Mauzo naye kasema kweli. Nusu ya kikao hufanyika kabla ya kikao.

#16 Dada wa Upanga

Kwa hiyo mhasibu aombe ruhusa kwa anayedaiwa kabla ya kusoma takwimu za kampuni? Leo kampigia mauzo, kesho stoo, keshokutwa magari. Ijumaa yake yote ni simu za kuwapoza watu wazima.

#17 Mtu wa Mauzo

Siyo ruhusa dada yangu, ni taarifa. Namba haibadiliki. Milioni 18 inabaki 18.

#18 Mpita Njia wa Ubungo

Swali kwa Katibu. Haya yote ni mazuri mwenyekiti akiwa msikivu. Sasa kama anayekatiza ni mwenyekiti mwenyewe? Bosi wangu anaanza kujibu slaidi ya 5 mimi niko ya 2. Nitamwomba nani anilinde?

#19 Katibu Mstaafu

Hapo vipande vitatu havifanyi kazi, maana huna wa kumgeukia. Acha ulichokuwa unasema, mjibu kwa sentensi moja, na jibu liwe kamili: tarehe, kiasi, jina. Kisha uliza: "Niendelee na la pili, au tubaki hapa?" Mara nyingi atasema endelea. Akisema tubaki, ujue hilo ndilo alilolijia, lako lipeleke kwa maandishi kabla hajatoka ofisini.

#20 Mzee wa Gerezani

Hapo Katibu tunatofautiana. Mwenyekiti usimpe chaguo mbele ya watu. Nimefanya kazi chini ya mzee mmoja, ukimuuliza "niendelee?" anajibu "kwani kuna kitu kingine?" na umekwisha. Ukiona kakatiza, geuza ajenda yako yote, anza na hiyo slaidi yake ya 5 kama vile ndivyo ulivyopanga.

#21 Mpita Njia wa Ubungo

Wangu ni kama huyo wako, mzee. Nitajaribu kuigeuza.

#22 Ankara Mkononi

Nje ya mada kidogo lakini dada asilale na mawazo. Kodi ya ile risiti ya tarehe 23 hujaipoteza. Risiti ikiwa halali unaweza kuidai kwenye ritani inayofuata, ilimradi usivuke muda uliowekwa na sheria. Ulichoumia ni fedha kukaa nje mwezi mmoja zaidi. Ongea na mshauri wenu wa kodi.

#23 Binti wa Tabata

@Ankara Mkononi Mungu akubariki, nilikuwa nalala na hilo.

Wakuu, leo Jumatatu tumekaa. Niwape mrejesho.

Ijumaa nilimpigia mkuu wa mauzo. Alishangaa kwanza, akanyamaza, kisha akanipa sentensi yake: mteja ameahidi milioni 7 wiki hii, zinazobaki mwezi ujao. Leo nikasimama, karatasi mezani, nikasema: "Shikamooni. Mwenyekiti, fedha tuna mambo matatu, na la tatu linahitaji uamuzi leo." Katibu wetu nikamwona anaandika. Nikasoma deni, nikasoma na sentensi ya mauzo. Akatikisa kichwa kukubali, hakusema kitu.

Aliyedakia ni wa stoo, ambaye sikumpigia. Nimeanza tu la pili, mafuta, akasema magari yanazunguka sana kwa sababu mauzo wanabadilisha oda jioni. Mauzo akajibu. Nikasikia moto ule ule unapanda usoni. Nikatoa pumzi kama alivyosema Sauti ya Asubuhi, nikaandika "lita" kwenye karatasi, kidole juu yake. Walibishana kama dakika 2, kwangu ilikuwa kama saa nzima. Walipotulia nikasema: "Samahani kaka, nimekusikia, oda za jioni zinaongeza safari. Naomba nizihesabu nikuletee Alhamisi. Mwenyekiti, samahani, kwa muda uliobaki naomba niruke kwenye la tatu." Maneno mawili ya kwanza yalitetemeka, mengine yakakaa sawa.

Zilikuwa zimebaki dakika 2. Nikataja wauzaji wawili wa mwezi huu ambao risiti zao hazijafika, nikataja tarehe 20. Mkurugenzi akamgeukia wa manunuzi, akamwambia apige simu kabla ya saa 6. Ya kwanza imeingia kwenye barua pepe saa 8 mchana.

La mafuta nimelitupa lote, sikulimaliza.

#24 Sauti ya Asubuhi

Maneno mawili kutetemeka si kitu. Hongera sana.

#25 Dada wa Upanga

Nimefurahi mdogo wangu, kweli kabisa. Lakini nimehesabu samahani mbili, na wa stoo aliyedakia hakusema hata moja.

#26 Nahau

Ya kwanza ilikuwa na kazi, imemfanya wa stoo asikilize marejeo ya maneno yake. Ya pili kwa mwenyekiti ningeitoa, "kwa muda uliobaki" ilitosha.

#27 Mtu wa Mauzo

Mimi ningeziacha zote mbili. Na la mafuta uliweke la kwanza Jumatatu ijayo, ila mpigie wa stoo Ijumaa.

#28 Binti wa Tabata

Namba yake ninayo. Ila huyo kaka simu hapokei, itabidi nishuke stoo mwenyewe na karatasi ya safari za magari.